Mgahawa wa asubuhi au kubangua korosho? Tulivyolinganisha, mimi fundi na mke wangu mpishi

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mtwara mjini. Natengeneza mageti, grili za madirisha na majiko ya mkaa. Mke wangu ni mpishi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiitwa kupika kwenye shughuli za watu, na kati ya shughuli moja na nyingine anakaanga maandazi. Tulipoamua kuwa na mradi mmoja wa pamoja, kila mmoja alikuja na wake. Mimi nilitaka tubangue korosho, kwa sababu mama mkwe ana mikorosho upande wa Tandahimba na mashine nyingi za kazi hiyo naweza kuziunda mwenyewe. Yeye alitaka mgahawa mdogo wa chai na supu ya samaki.

Kabla ya hapo tulikuwa tumegombana sana kuhusu fedha ndogo ndogo. Baadaye nikagundua kwamba kila ugomvi ulikuwa na neno moja ndani yake: "nakusaidia". Nikimtengenezea meza ya maandazi, namsaidia. Akinishikia hesabu za mageti, ananisaidia. Anayesaidia hana kauli, hana mshahara, na siku akichoka anasema bila wasiwasi kwamba kazi si yake. Ndiyo maana tulipoanza kulinganisha miradi hii miwili hatukuanza na faida. Tulianza na swali hili: katika mradi huu, nani atakuwa anamsaidia nani, na kuanzia mwezi wa ngapi?

Ujuzi wa kila mmoja unaishia wapi

Tulichukua daftari. Kila mmoja akaandika peke yake kazi zote za kila mradi, kuanzia kununua mali ghafi hadi kupokea pesa, halafu akaweka alama pale ambapo ujuzi wake unahitajika kweli. Tulisomeana usiku baada ya watoto kulala.

Kwa mgahawa, orodha yangu ilikuwa fupi mno. Kuunda banda, meza, mabenchi na majiko mawili, basi. Hizo ni kazi za siku tano au sita. Baada ya hapo ujuzi wangu unakaa pembeni, nami nabaki mtu wa kubeba maji na kuosha vikombe. Mke wangu alikuwa na alama karibu kila mstari. Ni hatari ambayo watu wengi hawaioni mwanzoni, kwa sababu wiki ile ya kujenga banda mume anafurahi sana na anajiona mwenye mradi. Mwezi wa pili ndipo anapoanza kununa.

Kwa korosho mambo yaligeuka. Kabla ya kubangua, korosho huanikwa juani na kuchambuliwa kwa ukubwa. Halafu hupigwa mvuke kwa karibu nusu saa ili ganda liwe rahisi kupasuka, kisha huachwa zipoe hadi kesho yake. Ndipo zinabanguliwa moja moja kwa mashine ya mkono na mguu, zinakaushwa kwa joto dogo la nyuzi 70 hivi kwa saa sita hadi nane, zinamenywa lile ganda jembamba la ndani, zinachambuliwa nzima na vipande, na mwisho zinakaangwa na kufungwa. Pipa la mvuke, visu vya mashine na kikaushio ni kazi za fundi, tena si za mara moja, maana visu hupoteza makali na mlango wa kikaushio huanza kuvujisha joto. Kuchambua, kukaanga na kuonja chumvi ni kazi za mpishi. Kwa hiyo kwenye daftari alama zetu zilipishana vizuri, na nikadhani nimeshinda.

Mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Baba watoto, hapa kwenye kubangua na kumenya umeweka alama ya nani?"

Hapakuwa na alama ya mtu yeyote. Na kumbe kubangua na kumenya ndiko kunakokula saa nyingi kuliko kazi nyingine zote.

Tulijaribu kwa kiasi kidogo

Tulikubaliana tusibishane kwa maneno. Kila mradi ungepewa jaribio dogo, na kabla ya kuanza tuliandika kiasi ambacho tungekubali kukipoteza bila mtu kumlaumu mwenzake. Tuliweka shilingi 60,000 kwa kila jaribio. Kikomo hicho kilitusaidia kuliko tulivyotegemea, kwa sababu hasara iliyokubaliwa mapema haitafutiwi mkosaji.

Jaribio la korosho lilikuwa la kilo 20 za korosho ghafi kutoka kwa mama mkwe. Hapa nashauri mtu asiteleze. Mali ya nyumbani si ya bure. Tuliandika kilo zile kwa shilingi 2,500 kila moja, makadirio ya kile ambacho mama angebaki nacho kama angezipeleka ghalani zikauzwa mnadani, yaani 50,000. Tulimlipa. Tungeziandika kama zawadi, hesabu ingetudanganya, na siku moja mjomba wa mke wangu angekuja kuuliza mikorosho ya ukoo imegeuka lini kuwa ya shemeji.

Tulifanya makosa mawili. La kwanza ni langu. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na mbanguaji hujipaka mafuta ya kula au majivu mikononi, na kurudia kila baada ya muda. Nilijipaka mara moja asubuhi nikaona inatosha. Baada ya siku mbili vidole vilianza kubambuka, nikashindwa hata kushika nyundo. La pili ni moto. Mkaa ulikuwa mwingi kwenye kikaushio, korosho za trei ya chini zikageuka kahawia na zikawa zinavunjika kila tunapozimenya.

Kutoka kilo 20 tulipata kilo 4.2 za korosho safi. Kiasi hicho si kibaya, kwa kawaida kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja. Kilichotuumiza ni kwamba kilo 2.2 tu ndizo zilikuwa nzima, kilo 2 zilikuwa vipande. Nzima tuliuza kwa 24,000 kwa kilo na vipande kwa 13,000, jumla shilingi 78,800. Tukitoa 50,000 za mali na 6,000 za mkaa, chumvi na mifuko, tulibaki na 22,800. Saa zetu wawili, pamoja na za kuzunguka maofisini na stendi kuuza, zilikuwa 31. Gawanya, unapata kama shilingi 735 kwa saa.

Jaribio la mgahawa lilichukua siku 14, mbele ya nyumba, kwa meza ya kuazima. Mimi nilikwenda Feri saa 12 alfajiri kununua samaki, nikirudi nilikaa kupokea pesa hadi saa 3. Mke wangu aliamka saa 9 usiku kukanda unga, akamaliza kuosha vyombo saa 5 asubuhi. Kwa wastani tuliuza 52,000 kwa siku, tukatumia 36,000 kwa samaki, unga, mafuta, sukari na mkaa, tukabaki na 16,000. Saa nane zake na tatu zangu ni 11, kwa hiyo ni kama shilingi 1,450 kwa saa.

Mtu angefunga daftari hapo aseme mgahawa umeshinda mara mbili. Mke wangu, na hili lilinigusa sana, ndiye aliyekataa. Alisema si haki kulinganisha mikono yake yenye miaka kumi ya kukanda unga na mikono yangu yenye siku tatu za kubangua. Tukarudi kwenye hesabu: kama kilo 3.2 zingetoka nzima na moja tu ikavunjika, na saa zikapungua hadi 24, tungebaki na 33,800, yaani kama 1,400 kwa saa. Kwa bei zile zile, tofauti nzima kati ya miradi hii miwili ilikuwa kwenye korosho zilizovunjika na mwendo wa mikono. Bei hizi ni za siku zetu na sehemu yetu, weka zako. Ila mgawanyo wa saa usiuruke, kwa sababu ndio unaoonyesha jasho la nani linapotea.

Kwa jicho moja

| | Mgahawa wa asubuhi | Kubangua korosho |
|---|---|---|
| Pesa inaingia | kila siku, kidogo kidogo | baada ya wiki kadhaa, kwa mafungu |
| Mali isiyouzwa | supu inaharibika siku hiyo hiyo | inakaa miezi ikifungwa vizuri, ila unyevu wa pwani unazilegeza |
| Ujuzi wa fundi | unakwisha baada ya kujenga | unahitajika muda wote |
| Ujuzi wa mpishi | kila siku, usiku hadi mchana | mwishoni, kwenye kukaanga na kuonja |
| Saa zinazochosha | za mke, alfajiri | za wote, kubangua na kumenya |
| Ndugu wanaohusika | hakuna | ukweni, hasa mjomba |
| Ruhusa | kupimwa afya, leseni ya halmashauri | Bodi ya Korosho kwa mali ghafi, TBS kwa pakiti |

Mstari wa mwisho ni mfupi kuliko uzito wake. Korosho ghafi hapa kusini huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka mali ghalani na inauzwa kwa mnada, kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na vyama vikuu kama TANECU na MAMCU. Ukienda kijijini ukanunua kwa mkulima kienyeji, hiyo ni kangomba, na unaweza kupoteza mzigo na kujiingiza kwenye kesi. Asiye na mikorosho yake aanze ofisi ya Bodi ya Korosho, iko hapa hapa Mtwara, aulize mbanguaji mdogo anapataje mali. Kama anataka kukwepa njia hiyo, anaweza kununua korosho ambazo tayari zimebanguliwa kihalali, akakaanga na kufunga tu. Faida kwa kilo ni ndogo zaidi, lakini mikono haiungui na kisu hakihitajiki. Kwa pakiti za kuweka dukani kuna alama ya TBS, na mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata mwongozo.

Kalenda ya pesa

Pesa ya korosho hapa kwetu inaingia kuanzia Oktoba hadi karibu Januari. Kabla ya hapo, tangu Juni hivi, mwenye shamba anatoa tu: vibarua wa kupulizia salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na wa kupalilia. Na hata mavuno yakifika, malipo huweza kuchelewa. Msimu wa 2018/2019 Serikali iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa miezi. Mume na mke wanaotegemea mlango huo mmoja watakaa muda mrefu wakitazamana mifukoni. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa mchango wa shule, na kila mmoja anaona mradi huu ni wazo la mwenzake.

Mgahawa unaleta pesa kila siku, lakini nao hauko nje ya korosho. Tuliliona hilo tulipouliza mama lishe wa sokoni. Msimu wa mnada, mji unajaa wateja na sahani za supu haziulizwi bei. Masika yakiingia mifuko inakauka, watu wanarudi kwenye chai na mhogo. Halafu kusi ikivuma bahari inachafuka, samaki wanapungua na bei inapanda. Kwa hiyo anayechagua mgahawa ajue mapema kwamba kuna miezi ambayo supu ya samaki itabadilika kuwa ya maharage, na kwamba mwenye uamuzi wa kuibadilisha ni mtu mmoja tu.

Tulichochagua, na kwa masharti gani

Tulichagua mgahawa. Sababu ya kwanza ilikuwa ada za watoto, ambazo hazisubiri mnada. Ya pili ilikuwa ukweni. Kwa Wamakonde wengi mali ya ukoo hufuata upande wa mama, na mikorosho ile ina wenyewe wengi kuliko mke wangu. Sikutaka kuweka jasho la miaka kwenye mti ambao siku ya kikao cha ukoo sina kiti.

Lakini tatizo la neno "nakusaidia" lilikuwa bado halijaondoka, na kwa mgahawa mtu wa kulisema ningekuwa mimi. Tulilitatua kwa mambo machache, na ndiyo nayaona ya maana kuliko uchaguzi wenyewe.

Kwanza, tuliandika mtaji wa kila mmoja kabla ya kununua hata kijiko. Mimi nilitoa vyuma na mabati ya 280,000, na kazi yangu ya siku tano tukaipa 100,000, yaani 20,000 kwa siku, jinsi ninavyolipwa nje. Yeye alitoa sufuria na vyombo vya 150,000 pamoja na mkopo wake wa vikoba wa 200,000. Ni 380,000 kwa 350,000. Tukakubaliana ni nusu kwa nusu. Jina la biashara ni letu wote wawili. Jambo hili lina uzito kisheria: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inachukulia mali iliyo kwa jina la mmoja kuwa ya huyo mmoja, na iliyo kwa majina yote mawili kuwa ya wote kwa usawa, mpaka mtu athibitishe vinginevyo.

Pili, mshahara unatoka kabla ya faida, kwa saa. Tulianza na 1,000 kwa saa. Siku ya kawaida yeye anachukua 8,000, mimi 3,000, na 5,000 inabaki kwenye sanduku la mradi. Ndugu zangu wengine waliona aibu kwamba mke wangu anapokea zaidi yangu. Mimi nilikuwa nimehesabu saa zake kwa siku 14, kwa hiyo sikuona aibu. Alasiri narudi kwenye mageti yangu, na pesa hiyo haiingii kwenye mgahawa. Naye akiitwa kupika shughulini, hiyo ni yake.

Tatu, kila eneo lina mwenye neno la mwisho. Jikoni, bei ya sahani na nani aajiriwe kuosha vyombo ni vyake. Kununua samaki Feri, mkaa na daftari la hesabu ni vyangu. Mwenzako anaweza kutoa rai mara moja. Asipokubaliwa, analiacha mpaka Jumapili jioni, tunapofungua daftari pamoja. Mwezi wa kwanza niliona chapati zake ni kubwa mno kwa bei ile, nikasema, akakataa. Jumapili tukapima unga, tukaona kila chapati inaacha faida ndogo sana. Aliipunguza mwenyewe. Ningeisemea mbele ya wateja, nina hakika chapati zingebaki kubwa mpaka leo.

Dalili kwamba mambo yanaharibika tulizijua kwa sababu mbili kati yake zilitupata. Mtu anaanza kuchukua pesa sandukuni bila kuandika, akisema ataandika kesho. Au mmoja anaanza kusema "mgahawa wangu" kwa wateja na mwingine anaanza kuchelewa kufika. Hiyo ya pili ilikuwa yangu, nilichelewa Feri siku tatu mfululizo. Mke wangu hakunigombeza. Jumapili aliniuliza kama nataka kubadilishana maeneo au tupandishe saa yangu. Kumbe kilichonichosha kilikuwa kukaa kupokea pesa. Tukampa mdogo wake kazi hiyo kwa malipo ya siku, nami nikabaki na samaki na daftari.

Kama nyinyi mna mikorosho yenu wenyewe, isiyo na mjomba wa kuulizwa, na mmoja wenu ana mshahara au kazi nyingine inayolisha nyumba kila wiki, mimi ningewaambia mchague korosho. Ujuzi wa fundi na wa mpishi unakutana vizuri zaidi kule. Ila jaribuni kwanza kilo 20, pimeni korosho nzima ngapi zimetoka, na msianze kununua mashine kabla nzima hazijafika robo tatu.

Sisi wenyewe hatujaifunga milango. Nimetengeneza kikaushio kipya chenye sahani ya chuma chini ya trei ili moto usiguse korosho moja kwa moja, na mama mkwe ameahidi kutuuzia kilo 20 nyingine mwezi wa 11. Mke wangu ameshaandika kwenye daftari kikomo cha hasara, 60,000, na chini yake jina la atakayejipaka mafuta mikononi kila nusu saa.